Katibu, hiyo faini ilisomwa au ilikubaliwa?

Chama chenu kimekutana Jumapili. Simu ilikuwa mezani ikirekodi, programu ikageuza sauti kuwa maandishi, na sasa wewe katibu una kurasa kadhaa za kufupisha. Unatuma muhtasari kwa kikundi: wanachama wameafikiana faini ya kuchelewesha mchango iwe Sh500. Mweka hazina anakupigia hapo hapo: "Wee, si tulisema mia mbili?"

Yuko sawa. Sh500 ilikuwa kwenye rasimu ya katiba ambayo mwenyekiti aliisoma kwa sauti. Shida ni kwamba kwenye maandishi, kifungu kilichosomwa kinafanana kabisa na uamuzi: "Mwanachama atakayechelewa kwa siku 7 atatozwa Sh500." Uamuzi wenyewe ulikuja hivi: "Zii, hiyo ni mob, tufanye soo mbili," kisha watu wawili wakasema sawa. Anayefupisha, awe mtu au programu, huvutwa na sentensi iliyonyooka.

Kwa hivyo kabla ya kufupisha chochote, weka rasimu kando ya maandishi ya kikao. Tafuta mahali maneno yake yanapoanza na yanapoishia. Usitafute sentensi nzima, kwa sababu programu hukosea maneno na huenda usiipate. Tafuta neno moja lisilo la kawaida, kwa mfano "atatozwa". Nani huongea hivyo kwenye chama?

Ukikosa nakala ya rasimu, sikiliza rekodi. Anayesoma huenda kwa mwendo mmoja, hajikati kauli, na hutaja namba za vifungu. Lakini chunga: msomaji akisimama na kusema "yaani hapa wanamaanisha hata wagonjwa", hayo ni maneno yake, si ya rasimu. Swali la mtu aliyemkatiza pia ni mjadala, hata kama usomaji uliendelea baadaye.

Sasa, usifute kilichosomwa. Ukikifuta, "hiyo ni mob" itabaki ikining'inia, hakuna atakayejua ni nini kilichokuwa nyingi. Badala yake weka alama:

```
[KUSOMA: rasimu, kifungu cha 4, faini Sh500]
Mwanachama A: Zii, hiyo ni mob, tufanye soo mbili.
[MWISHO WA MJADALA: Sh200, imekubaliwa]
```

Namba iliyo kwenye mstari wa KUSOMA itoe kwenye karatasi, si kwenye maandishi ya programu. Ya mjadala ihakikishe kwa kusikiliza. "Soo mbili" inaweza kuandikwa chochote.

Kumbukumbu za kikao kilichopita ndizo mtego mkubwa zaidi, maana hizo zilikuwa maamuzi kweli, ila ya mwezi jana. Zikisomwa na kuthibitishwa, muhtasari wa leo unahitaji mstari mmoja tu: zilisomwa, zikathibitishwa, na marekebisho kama yalikuwepo.

Kikao kijacho mwombe mwenyekiti aseme "naanza kusoma" na "nimemaliza kusoma". Utayatafuta maneno hayo mawili na kazi yako itapungua nusu.