Kurejelea Video katika Insha, Hadi Sekunde Yenyewe

Julai 2009, mwandishi wa Nigeria Chimamanda Ngozi Adichie alitoa hotuba mjini Oxford, Uingereza, kuhusu hatari ya kuwajua watu kwa hadithi moja tu. Anasimulia kuwa alipokwenda kusoma Marekani, msichana aliyeishi naye chumba kimoja alishangaa kumsikia akizungumza Kiingereza vizuri. Msichana huyo aliomba kusikia muziki wa kabila lake, Adichie akamtolea kanda ya Mariah Carey. Kisa hiki hupendwa sana na wanafunzi wanaoandika insha kuhusu taswira ya Afrika. Shida huanza wanapotakiwa kuonyesha wamekitoa wapi, kwani wengi hubandika kiungo tu na kuishia hapo.

Swali la kwanza ni nani aandikwe kama mwandishi, na jibu linategemea umeitazama video wapi. Katika mtindo wa APA, unaotumiwa na vyuo vingi, video ya YouTube huorodheshwa kwa jina la mwenye chaneli iliyoipakia. Hotuba hii ilipakiwa na TED, kwa hiyo marejeo huanza na TED. Ungeitazama kwenye tovuti ya TED yenyewe, ungeanza na Adichie. Wengi huona kama mzungumzaji amedhulumiwa, lakini kuna sababu: msomaji anayetafuta video YouTube hukutana kwanza na jina la chaneli. Heshima ya Adichie utaitunza ndani ya insha, kwa kumtaja katika sentensi yako.

Swali la pili ni tarehe. Hotuba ilitolewa Julai, ila chaneli ya TED iliipakia tarehe 7 Oktoba 2009, na kwa nakala ya YouTube hiyo ndiyo tarehe inayoandikwa. Kwenye simu mara nyingi utaona tu kwamba ni ya miaka kadhaa iliyopita. Gusa maelezo yaliyo chini ya video, tarehe kamili itatokea. Marejeo yatakuwa hivi:

```
TED. (2009, Oktoba 7). The danger of a single story [Video]. YouTube. https://www.youtube.com/watch?v=D9Ihs241zeg
```

Jina la video huwekwa kwa italiki. Muda haumo hapa, kwa sababu orodha ya mwisho inaitambulisha video nzima. Dakika na sekunde hukaa ndani ya insha, mahali ambapo kwa kitabu ungeandika ukurasa. Tuseme katika nakala uliyoitazama kisa cha chumbani umekikuta dakika ya 4 na sekunde ya 15. Utaandika:

```
Adichie anasimulia mshangao wa mwenzake wa chumbani (TED, 2009, 4:15).
```

APA inataka sekunde ambapo maneno yanaanza, basi. Mtindo wa MLA hutaka mwanzo na mwisho, na huanza na saa hata kama video haifiki saa moja. Ukiwa umemweka Adichie mwanzo wa marejeo yako, utaandika `(Adichie 00:04:15-40)`, maana yake maneno yanaanzia sekunde ya 15 na kuishia ya 40.

Hapa ndipo makosa mengi hutokea. Hotuba moja inaweza kuwa na nakala kadhaa: ya tovuti, ya YouTube, na zile zilizopakiwa upya na watu wengine, zikiwa zimekatwa mwanzo au kuongezewa nembo. Sekunde 15 za nembo zinatosha kumpeleka mwalimu kwenye sentensi tofauti kabisa. Kwa hiyo muda, jina la chaneli na kiungo lazima vitoke katika nakala ileile. Matangazo ya biashara yasikutie wasiwasi, kwani saa ya video haiyahesabu.

Kujihakiki ni rahisi. YouTube hupokea muda kwa sekunde, na dakika 4 na sekunde 15 ni sekunde 255. Ongeza `&t=255s` mwishoni mwa kiungo, kifungue, kisha sikiliza. Ukisikia nusu ya sentensi, rudi nyuma sekunde chache na urekebishe. Ukimaliza, ondoa nyongeza hiyo kwenye orodha ya marejeo.

Maneno yenyewe yasikilize kwa sikio lako. Manukuu yanayotengenezwa na mashine chini ya video hukosea, hasa majina ya watu na lafudhi za Kiafrika, na ukiyanakili utakuwa umemlisha Adichie maneno. Hotuba yake ni ya Kiingereza. Ukimnukuu kwa Kiswahili, ongeza kwenye mabano kuwa tafsiri ni yako.

Kabla ya kuanza, muulize mwalimu wako anataka mtindo gani, kisha ushike huohuo hadi ukurasa wa mwisho.