Katiba ya Darasa la Nne

Wiki ya kwanza ya muhula, watoto wakiachiwa watunge sheria zao, aghalabu huanza na adhabu kali. "Anayechelewa asimame nje," husema mmoja. Mwalimu asiikatae, aulize nani huchelewa, na kwa nini. Anayeteka maji alfajiri atajieleza, na wenzake wataibadili: anayechelewa aingie kimya, kisha aazime daftari la jirani anakili alichokosa. Kura ipigwe kwa vikaratasi, maana mikono ikinyooshwa, wanyonge humtazama kiranja kwanza. Sheria tano zinatosha kabisa. Zibandikwe ukutani na sahihi za wote, ya mwalimu ikiwemo, na baada ya wiki tatu darasa lijadili upya ile inayovunjwa kila siku.