Runinga Iliyobadilika Bila Mwenyewe Kuigusa

Juni 2024, baadhi ya wenye runinga za TCL nchini Marekani walianza kulalamika kwamba filamu zao zimeharibika. Waigizaji walionekana kama wanateleza, na sinema ya gharama kubwa ikafanana na tamthilia ya mchana. Runinga zenyewe zilikuwa nzima. Zilikuwa zimepokea toleo la 13 la programu ya Roku, na ulainishaji wa mwendo ukajiwasha. Waliofungua menyu ili wauzime hawakukuta hata pa kuuzimia.

Filamu nyingi hupigwa kwa picha 24 kila sekunde, lakini kioo cha runinga huweza kuonyesha picha 60. Ulainishaji unapowaka, runinga hulinganisha picha mbili zinazofuatana, hukisia hatua iliyo kati yake, kisha huchora picha ambayo kamera haikuipiga kamwe. Kwenye mpira hilo laweza kupendeza. Kwenye filamu hufuta ule mwendo ambao mwongozaji aliuchagua, na kingo za mtu anayekimbia huweza kumeguka.

Runinga zinazouzwa Arusha zina kitu hichohicho kwa majina tofauti: kwa LG ni `TruMotion`, kwa Samsung ni `Picture Clarity` au, kwa za zamani, `Auto Motion Plus`. Picha ikigeuka ghafla, hapo ndipo pa kutazama kwanza, kabla ya kuibeba runinga kwa fundi.

Tuseme familia ya Sakina huunganisha Samsung yao na intaneti ya simu jioni. Ikiwa `Auto Update` imewashwa, sasisho laweza kushuka bila wao kuliomba, na bando likapungua. Swichi yake, kwenye runinga nyingi za Samsung, iko `Settings`, `Support`, `Software Update`. Wakiizima, bado wanaweza kusasisha kwa `Update Now` siku wanayotaka. Kabla ya hapo wapige picha kurasa za mipangilio na namba ya toleo kwa simu; bila kumbukumbu hiyo ni vigumu kujua kilichobadilika.

Runinga za Google TV ni ngumu zaidi. Kuzima `Auto-update apps` ndani ya Play Store huzuia sasisho za programu ndogondogo tu. Mfumo wenyewe, kwenye baadhi ya modeli, hauna swichi. Hapo njia ya uhakika ni kuikatia runinga intaneti.

Lakini kukata moja kwa moja kuna gharama yake: mianya ya usalama haizibwi, na siku moja programu ya video itadai toleo jipya. Kurudi nyuma nako ni shida, kwa sababu runinga nyingi hukagua namba ya toleo na kukataa la zamani. Kwa hiyo ni heri kusubiri wiki kadhaa, kusoma malalamiko ya wenye modeli ileile, kisha kusasisha umeme ukiwa umetulia. Ukikatika wakati programu inaandikwa kwenye kumbukumbu, runinga inaweza kugoma kuwaka kabisa.