Setilaiti ya Nne Kazi Yake Nini?

Wengi hudhani kwamba setilaiti huiona simu kutoka juu, kisha huiambia iko wapi. Sivyo. Setilaiti za GPS hazijui hata kama simu yako ipo. Kila moja, ikizunguka kiasi cha kilomita 20,200 juu ya dunia, hutangaza bila kukoma mambo mawili: yenyewe iko wapi, na ujumbe umetoka saa ngapi. Simu husikiliza tu. Hesabu huifanya yenyewe.

Tuseme umesimama Mnazi Mmoja, Dar es Salaam, na ujumbe wa setilaiti ya kwanza umetumia sekunde 0.070 kukufikia. Mawimbi ya redio husafiri karibu kilomita 300,000 kwa sekunde, kwa hiyo setilaiti iko umbali wa kilomita 21,000. Hujui bado uko upande gani wake. Unaweza kuwa popote kwenye uso wa tufe kubwa ambalo setilaiti hiyo iko katikati yake. Ya pili ikikupa sekunde 0.075, umepata tufe jingine, la kilomita 22,500. Matufe hayo yanakatana kwenye duara. Tufe la tatu hulikata duara hilo katika nukta mbili tu, na kwa kawaida moja huangukia mbali mno na uso wa dunia. Inatupwa, na inayobaki ni Mnazi Mmoja.

Hesabu ingeishia hapo kama simu ingekuwa na saa ya kuaminika. Setilaiti zina saa za atomu, ghali na makini. Simu ina saa ya bei nafuu. Saa hiyo ikitangulia kwa sehemu moja tu ya milioni ya sekunde, safari ya kila ujumbe itaonekana ndefu zaidi kwa mita 300, na utaoneshwa mtaa usio wako.

Bahati nzuri, kosa hilo ni lile lile kwa setilaiti zote. Tufe la nne likiongezwa, yote manne hayapiti kwenye nukta moja, na hapo simu hugundua kuwa saa yake inadanganya. Hutafuta kipimo kimoja ambacho, kikiondolewa kwenye kila umbali, kitayakutanisha. Hapa ni mita 300. Basi simu imejua mahali ilipo na, papo hapo, imerekebisha saa. (Minara mingi ya simu hutumia GPS kwa ajili ya saa tu.)

Dawa hiyo haitibu kosa lisilo sawa kwa wote. Kati ya maghorofa ya Kariakoo, ujumbe wa setilaiti moja unaweza kugonga ukuta kwanza ndipo ufike, ukachelewa peke yake. Hakuna tena kipimo kimoja cha kuyakutanisha matufe pale ulipo hasa. Mara nyingi utalitambua hilo kwenye ramani: duara hafifu linalozunguka alama yako hupanuka, au alama yenyewe huruka ng'ambo ya barabara ilhali hujapiga hatua. Sogea penye uwazi, simu ione anga zaidi, kisha ipe muda kidogo kabla ya kumwelekeza dereva wa bodaboda.