Kiungo Kinaposhuka: Njia Mbili za Kukokotoa Msogeo wa Kiunzi cha Vyuma Viwili

Kiunzi rahisi kuliko vyote hujengwa kwa vyuma viwili vilivyonyooka. Kila kimoja hufungwa ukutani kwa pini, kisha ncha zao za mbele hukutanishwa kwenye kiungo kimoja ambako mzigo huning'inizwa. Ndicho kiunzi kinachoshikilia mabango, vibaraza vya maduka na kapi za kuinulia mizigo. Mzigo ukishawekwa, kiungo cha mbele hushuka kidogo, kwa sababu hakuna chuma kisichorefuka kikivutwa wala kufupika kikigandamizwa. Kiasi cha kushuka huko hupatikana kwa njia mbili: kwa kufuata nishati, au kwa kufuata jometri ya vyuma vinavyobadilika urefu.

Mfano ufuatao unatosha kuzionyesha zote mbili. Chuma cha juu kimelala mlalo kutoka ukutani hadi kwenye kiungo, na urefu wake ni mm 1,600. Chuma cha pili kinaanzia ukutani mm 1,200 chini ya cha kwanza, kinapanda mshazari hadi kwenye kiungo hichohicho, na urefu wake ni mm 2,000. Eneo la mkato ni mm² 400 kwa chuma cha juu na mm² 1,000 kwa cha mshazari. Mzigo ni kN 30, sawa na uzito wa tani tatu hivi, nao unavuta wima kwenda chini. Ukakamavu wa chuma cha pua au cha kawaida cha ujenzi hutajwa kwa moduli ya Young, E, na hapa inachukuliwa kuwa kN 200 kwa kila mm².

Hatua ya kwanza ni kutafuta kani iliyomo ndani ya kila chuma. Ni chuma cha mshazari peke yake kinachoweza kuinua kitu, kwa kuwa cha juu kimelala. Sehemu ya wima ya kani yake ni 0.6 ya kani yote, yaani 1,200 kwa 2,000. Ili sehemu hiyo ifikie kN 30, chuma hicho lazima kigandamizwe kwa kN 50. Kani hiyohiyo inakisukuma kiungo mbali na ukuta kwa kN 40, na kazi ya chuma cha juu ni kukizuia. Kwa hiyo chuma cha juu kinavutwa kwa kN 40.

Badiliko la urefu ni kani mara urefu, gawanya kwa eneo mara E. Chuma cha juu kinarefuka kwa mm 0.8, na cha mshazari kinafupika kwa mm 0.5. Njia zote mbili zinaanzia kwenye tarakimu hizi.

Njia ya nishati inategemea kanuni inayohusishwa na mhandisi Mfaransa Clapeyron: kazi inayofanywa na mzigo unaoongezwa polepole huhifadhiwa yote ndani ya vyuma vilivyonyumbuka. Mzigo unapoanzia sifuri na kukua taratibu, kazi yake ni nusu ya mzigo mara umbali wa kushuka. Vivyo hivyo, nishati ya kila chuma ni nusu ya kani yake mara badiliko la urefu wake. Chuma cha juu kinahifadhi ½ × 40 × 0.8, yaani kN·mm 16. Cha mshazari kinahifadhi ½ × 50 × 0.5, yaani kN·mm 12.5. Jumla ni 28.5. Basi:

½ × 30 × v = 28.5, na v = mm 1.9.

Njia hii ni fupi, lakini inajibu swali moja tu: kiungo kimesogea kiasi gani kuelekea upande ambao mzigo unavuta. Ili kujua kiungo kimesogea kiasi gani kwa mlalo, hutumika kanuni ya Castigliano, Mwitaliano aliyeiwasilisha katika tasnifu yake huko Turin mwaka 1873. Huwekwa kani ya kubuni Q inayovuta kwa mlalo, nishati hutofautishwa kwa Q, kisha Q hufanywa sifuri. Katika kiunzi hiki Q ingebebwa na chuma cha juu peke yake, kwa hiyo msogeo wa mlalo ni mm 0.8 kamili.

Njia ya jometri inakitazama kiungo chenyewe. Kifikirie kimefunguliwa: chuma cha juu kimerefuka kwa mm 0.8, cha mshazari kimefupika kwa mm 0.5, na ncha zao hazikutani tena. Ili zikutane, kila chuma lazima kizunguke kwenye pini yake ya ukutani. Ncha inayozunguka huchora tao, lakini kwa misogeo midogo namna hii tao linaweza kuchukuliwa kuwa mstari ulionyooka unaokata chuma kwa pembe mraba. Kosa linaloletwa na kurahisisha huko hapa ni takriban mm 0.001. Mahali mistari hiyo miwili inapokatana ndipo kiungo kipya kilipo. Mchoro wa namna hii unaitwa kwa jina la Williot, mhandisi Mfaransa aliyeueleza mwaka 1877.

Kwa hesabu, u ni msogeo wa kwenda mbele na v ni wa kushuka. Chuma cha juu kinatoa u = 0.8. Badiliko la urefu wa chuma cha mshazari ni sehemu ya msogeo inayofuata mwelekeo wake:

0.8u − 0.6v = −0.5

Ukiweka u = 0.8, unapata 0.6v = 1.14, na v = mm 1.9. Jibu ni lilelile.

Hapa ndipo wanafunzi wengi hukosea. Wanachukua mm 0.5 za chuma cha mshazari, wanazizidisha kwa 0.6 kana kwamba ni kani, na kupata kushuka kwa mm 0.3. Kani hugawanywa katika sehemu zake za wima na mlalo, lakini badiliko la urefu haligawanywi hivyo. Kinachogawanywa ni msogeo wa kiungo, na sehemu yake iliyo sambamba na chuma ndiyo badiliko la urefu. Ndiyo maana 0.6 inagawanya badala ya kuzidisha, na kiungo kinashuka zaidi ya chuma chochote kilivyorefuka au kufupika.

Kukubaliana kwa njia hizi mbili si bahati. Katika jometri, mm 0.8 za chuma cha juu huchangia kushuka mara 0.8 ÷ 0.6, yaani 1.33. Katika msawazo wa kani, chuma hichohicho hubeba kN 40 kwa mzigo wa 30, uwiano uleule wa 1.33. Kwa chuma cha mshazari uwiano ni 1.67 kwa pande zote mbili. Umbo moja ndilo linaloamua kani na msogeo kwa pamoja. Basi majibu yakitofautiana, kuna alama au tarakimu iliyokosewa, mara nyingi ni ile ya kutoa kwenye chuma kinachofupika.

Hesabu hizi zina mipaka. Tundu lililotobolewa mm 2 zaidi ya bolti linaweza kuruhusu mtelezo unaolingana na mm 1.9 zote. Mzigo ukiachiwa ghafla, kiungo hushuka kwa kitambo hadi mara mbili, mm 3.8. Hatari kubwa zaidi ni kupinda kwa chuma kinachogandamizwa. Bamba la mm 100 kwa 10 lina eneo la mm² 1,000 na hutoa jibu lilelile la mm 1.9, lakini likifungwa kwa pini ncha zote mbili hupinda kwenye kN 4 hivi, wakati hapa linatakiwa kubeba 50. Bomba lenye kipenyo cha mm 76 na unene wa mm 4.5, lenye eneo karibu sawa, lina kikomo cha zaidi ya kN 300. Kwa hiyo chuma kinachogandamizwa kikaguliwe kwanza kama hakitapinda, ndipo msogeo wa kiungo ukokotolewe.