Espreso ya Baridi Nachingwea: Maji Yanatoka Wapi?

Mwezi wa Oktoba, kabla mvua hazijaanza, soda iliyokaa rafuni Nachingwea inaweza kuwa na joto la nyuzi 30. Ukitengeneza espreso toniki kwa soda hiyo, mpaka ufike nusu ya glasi utakuwa unakunywa maji yenye harufu ya kahawa. Wengi huilaumu kahawa. Nilipopiga hesabu nikaona mkosaji mkubwa ni soda.

Espreso moja ya kawaida hutumia gramu 18 za kahawa na kutoa kama gramu 36 za kinywaji. Ikimiminwa juu ya barafu ikiwa na nyuzi 70, huyeyusha takriban gramu 31 za barafu kabla haijapoa kabisa, yaani karibu uzito wake yenyewe. Sasa ongeza mililita 120 za toniki yenye nyuzi 30. Hiyo peke yake huyeyusha gramu 45. Jumla ni gramu 76 za maji ndani ya kinywaji cha gramu 156, na hapo hujaanza hata kunywa.

Laza chupa kwenye friji hadi ifike nyuzi 5, na maji yatokanayo na toniki hushuka hadi gramu 8 hivi. Kisha weka kikombe cha kahawa ndani ya bakuli la maji ya mtungi kwa dakika chache, kipoe hadi nyuzi 30, nacho kitayeyusha gramu 13 tu. Kutoka 76 umeshuka hadi 21, na hujatoa hata senti. Barafu nayo itoke friza ikiwa kavu. Ikishaanza kung'aa na kuteleza mkononi ina maji tayari, kwa hiyo yamwage kabla ya kuitia kwenye glasi. Toniki itangulie, kahawa ifuate taratibu juu yake, kwa sababu ukiimwaga kwa haraka povu litapanda na gesi yote itaondoka.

Wengi wetu hatuna mashine ya espreso, tuna birika la moka. Kahawa yake ni nyepesi kuliko espreso, na sehemu iliyokolea zaidi ndiyo hutangulia kutoka. Chukua mililita 60 za mwanzo, epua birika linapoanza kufoka na kukoroma, na punguza toniki hadi mililita 90. Usiruke hatua ya kuipoza, maana mililita 60 za moto zinayeyusha barafu nyingi kuliko espreso yenyewe.

Tuje kwenye fedha. Bei hizi ni za mfano tu, wewe weka za duka lako. Tuseme pakiti ya gramu 250 ya kahawa ya kusaga, pengine ya Mbinga, ni shilingi 12,000. Gramu 18 zitakugharimu kama 860. Chupa ya toniki ya mililita 300 ikiwa 900, mililita 120 ni 360. Glasi moja inafika 1,220 bila barafu.

Afogato haina barafu kabisa: ni kahawa ya moto juu ya vijiko viwili vikubwa vya aiskrimu ya vanila, kama mililita 120. Lita ya aiskrimu ikiwa 10,000, hizo ni 1,200. Ukitumia kahawa ileile ya kusaga unafika 2,060. Lakini hapa naona kahawa ya unga inayoyeyuka, kama Africafe ya Bukoba, inafaa kweli. Gramu 4 katika mililita 20 za maji ya moto zinakolea kuliko espreso, na kwa kuwa kimiminika ni kidogo, aiskrimu haigeuki uji haraka. Kopo la gramu 50 likiwa 4,000, unatumia 320, na bakuli zima ni 1,520. Sukari na maziwa huficha ukali wake. Kwenye toniki nisingeitumia: uchungu wake ukikutana na uchungu wa kwinini, ulimi unachoka.

Hata hivyo afogato nayo ina mlango wake wa maji, nao ni umeme. Aiskrimu iliyoyeyuka umeme ulipokatika kisha ikaganda tena hupoteza hewa yake, na maji yake hujikusanya kuwa chembe za barafu. Fungua ndoo kabla ya kulipa ukiruhusiwa. Ukiona imeshuka chini ya alama iliyoacha ubavuni, au juu pana tabaka gumu linalong'aa, iache. Ukiionja utasikia mchanga-mchanga wa barafu ulimini, na kahawa ya moto ikiigusa inalegea mara moja ikaacha maji meupe chini ya bakuli.

Kwa hiyo siku ambazo umeme unakatika-katika, mimi nanunua toniki. Chupa iliyopata joto naweza kuirudisha kwenye friji umeme ukirudi, ikawa kama mwanzo. Ndoo ya aiskrimu hairudi.