Wiki mbili kabla ya mtihani wa kwanza wa statiki

Mwanafunzi wa uhandisi anapokosa alama kwenye mtihani wake wa kwanza wa statiki, mara nyingi hesabu yenyewe haina kosa. Amejumlisha na kugawanya vizuri, ila mchoro wa kani aliouanzia ulikuwa pungufu. Statiki hushughulikia vitu vilivyotulia, kama boriti, kenchi au ngazi iliyoegemezwa ukutani, na kanuni zake ni chache. Kitu kikiwa kwenye bapa moja, milinganyo ni mitatu tu: kani za mlalo zijumlishwe zilete sifuri, za wima vilevile, na momenti kuzunguka nukta yoyote vilevile. Ugumu uko kwenye kujua ni kani zipi za kuingiza humo. Ndiyo maana napendekeza wiki hizi mbili zianze na kuchora.

Siku tatu za mwanzo weka kikokotoo kando. Chukua maswali ya kitabu chako cha kozi, na kwa kila swali kitenge kitu kinachoulizwa: ondoa ukuta, sakafu na kamba, kisha mahali pa kila kimoja chora kani kinachotoa. Kamba huvuta, haisukumi. Egemeo la roli hutoa kani moja, yenye pembe mraba na uso linapokaa. Bawaba hutoa mbili, ya mlalo na ya wima. Ncha iliyozikwa ndani ya ukuta hutoa hizo mbili na momenti juu yake. Ukiweza kuchora hayo bila kufungua kitabu, endelea.

Siku ya nne hadi ya saba ni za kukokotoa. Tuchukue boriti ya bango la duka, urefu mita 3, imelala mlalo na kufungwa ukutani kwa bawaba A. Ncha yake ya nje, B, imeshikwa na kamba ya chuma inayopanda hadi nukta C ukutani, mita 4 juu ya A. Bango la nyutoni 600 linaning'inia mita 2 kutoka A, na uzito wa boriti tunaupuuza. Kamba ina urefu wa mita 5, kwa hiyo sehemu ya wima ya mvutano wake T ni 4/5 na ya mlalo ni 3/5.

Anza na momenti kuzunguka A, kwa kuwa kani mbili za bawaba hupita hapo na kutoweka kwenye mlinganyo:

(4/5)T × 3 = 600 × 2

Hivyo T ni nyutoni 500. Kani ya mlalo ya bawaba ni 3/5 ya 500, yaani 300, na ya wima ni 600 kutoa 400, yaani 200.

Wengi huandika T × 3 = 1200 na kupata 400, kwa kusahau kwamba kamba imeinama. Wengine hawaichori kabisa kani ya mlalo ya bawaba. Makosa yote mawili hujulikana kwa hesabu ya pili kuzunguka nukta ambayo hukuitumia. Kuzunguka C, kani ya mlalo mara 4 lazima ilingane na 600 mara 2, na 300 × 4 ni 1200. Usihame swali lolote bila kufanya uhakiki huo.

Wiki ya pili ianze na kenchi, siku tatu. Tafuta kwanza kani za maegemeo, kisha nenda kiungo kwa kiungo, ukianzia penye viungo visivyo na zaidi ya kani mbili zisizojulikana. Swali likiuliza mti mmoja wa katikati, kata kenchi yote kwa mstari unaopita miti isiyozidi mitatu ambayo kani zake hazijulikani, maana milinganyo ni mitatu tu.

Msuguano upe siku mbili. Mtego wake ni kudhani kwamba msuguano daima ni kizidishi mara kani ya sakafu. Sanduku la nyutoni 100, kizidishi 0.4, likisukumwa kwa nyutoni 30 halisogei, na msuguano ni 30. Ile 40 ni kikomo chake tu.

Siku mbili zinazobaki fanya mitihani ya miaka iliyopita kwa saa, bila kitabu, na usahihishe mwenyewe kwa kuanza na michoro. Wasahihishaji wengi hutoa alama za njia, kwa hiyo ndani ya chumba cha mtihani chora kwanza, andika milinganyo mitatu, ndipo uchukue kikokotoo.